Elfu Mbili ya Kuugulia

Naogopa simu ya shule kuliko ninavyoogopa nyoka. Nyoka ukimpiga anakufa, yameisha. Simu ya shule hata ukiiacha iite mpaka ikatike, yule mwenye kupiga yuko palepale na mtoto wako yuko kwake. Namba ile ikitokea kwenye kioo, nauacha mwiko ndani ya sufuria, na mafundi wanaosubiri ubwabwa wanaanza kunitania, "Mama, leo nani anakudai?" Nawaambia wale ubwabwa wao, wanyamaze. Mdomo wangu hauna breki, wananijua.

Mimi ni mama lishe, Kizota. Banda langu liko katikati ya mafundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na mume wangu ni mmoja wao. Mchele nanunua wa Bahi, kwa gunia. Mtoto tunaye mmoja tu, wa kike, na yuko shule ya bweni upande wa Mvumi, ya kulipia.

Najua utakachosema, maana mtaa mzima ulishasema. Kwa nini ulipe wakati sekondari ya kata ni bure? Ni kweli ni bure. Lakini kutoka kwetu mtoto anaondoka kabla ya jua na anarudi jua limeshazama, na njia nzima imejaa vijana wa bodaboda wenye maneno matamu. Binti wa jirani yangu, mtoto mwenye akili kunishinda mimi na ukoo wangu wote, alianza kwa lifti, akaja kwenye chipsi, na kidato cha pili akawa ananunua nepi. Nilimshuhudia mama yake akikaa chini kwenye vumbi siku alipoambiwa. Tangu siku hiyo niliiogopa ile njia. Tuliuza ng'ombe wa urithi wa mume wangu tukalipa kidato cha kwanza, milioni mbili taslimu, na usiku nikawa nalala.

Nililala mwaka mmoja tu.

Shule ilipofunga mwishoni mwa mwaka huo, mkuu alituita wazazi akatuambia kwa upole kabisa kwamba ada itapanda asilimia kumi kila mwaka mpaka watoto wamalize kidato cha nne. Alisema anatuambia mapema ili tujipange. Wazazi walinung'unika kidogo, tukanywa soda, tukapanda gari tukarudi. Mimi sikunung'unika hata kidogo. Nilikuwa nimeshajipanga zamani, na nilijiona mjanja.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Imebaki miaka mitatu, kila mwaka milioni mbili, jumla milioni sita. Akiba yangu kwenye chama cha akiba na mikopo ilikuwa milioni mbili na laki nne. Inabaki milioni tatu na laki sita. Miaka mitatu ni miezi thelathini na sita, kwa hiyo laki moja kila mwezi. Na laki moja ndiyo niliyokuwa naweka kila mwezi bila kukosa. Hiyo asilimia kumi nilijua ipo, lakini niliichukulia kama vile bei ya nyanya, kwamba itapanda na mimi nitajua la kufanya siku hiyo. Mume wangu nilipomsomea hesabu ile alinisifu mpaka nikaona haya.

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa nikaenda mjini, ofisi ya chama, kutoa ada ya kidato cha pili. Pale kaunta kuna binti mmoja mpole, mwenye sauti ya chini kama anaongea na mgonjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka kutoa milioni mbili na laki mbili, ada ya mtoto."

Akaangalia kompyuta yake. "Itabaki laki mbili tu, mama. Mtoto amebakiza miaka mingapi?"

"Mitatu, pamoja na huu unaoanza. Usijali, nimeshapiga hesabu. Laki moja kila mwezi, miezi thelathini na sita."

Hakucheka. Angecheka ningemjibu vibaya na labda ningeondoka bila kusikia. Aliniuliza tu, "Ada mnalipa lini?"

"Januari, yote kwa pamoja."

"Na ya kidato cha nne?"

"Januari hiyohiyo akianza kidato cha nne."

"Basi mama, ukishalipa ile Januari hakuna tena cha kulipa. Kutoka leo mpaka hiyo Januari ya mwisho ni miezi ishirini na nne. Hiyo kumi na miwili mingine inakuja wakati shule imeshataka hela yake."

Nilitaka kubisha, nikakumbuka banda langu. Mimi mwenyewe sijawahi kumpa mtu sahani ya wali leo kwa hela ya mwakani, sasa shule ingenipa kwa nini?

Akavuta karatasi akaandika, ananigeuzia nione kila mstari. Kidato cha pili, milioni mbili na laki mbili. Cha tatu, asilimia kumi juu ya hiyo iliyokwisha kupanda, siyo juu ya ile ya zamani: milioni mbili, laki nne na elfu ishirini. Cha nne: milioni mbili, laki sita na elfu sitini na mbili. Jumla milioni saba, laki mbili na elfu themanini na mbili. Akatoa akiba yangu, ikabaki milioni nne, laki nane na elfu themanini na mbili. Akagawa kwa ishirini na nne.

"Laki mbili na elfu tatu na mia tano kila mwezi, mama. Tumeivusha juu kidogo isikatikie njiani."

"Na faida ya chama?"

"Ni ndogo. Usiihesabu. Ikija, ije kama zawadi."

Mara mbili ya ninayoweka. Nikamuuliza nikiendelea na laki yangu moja itakuwaje, na yule binti akaniambia ukweli. Mwakani Januari ningekuwa na milioni moja na laki nne, na shule ingetaka milioni mbili, laki nne na elfu ishirini. Ningepungukiwa na zaidi ya milioni moja. Yaani mtoto wangu angemaliza kidato cha pili, akarudi nyumbani likizo na sanduku lake, na asirudi tena bweni. Kidato cha tatu angekipitia kwenye ile njia.

Sikutoa hela siku ile. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiogopa hata kuvuka barabara. Miaka yote nilikuwa naona wanawake wengine wakishtuka Januari, nawasema moyoni kwamba hawajui kujipanga. Kumbe na mimi nilikuwa nimelala kwenye foleni yao, nikisubiri zamu yangu.

Mume wangu alipoisikia ile hesabu aliweka chini kijiko. Yeye si mtu wa maneno. Alisema, "Laki mbili hatuna, mama." Halafu akasogeza sahani akasema, "Nenda shule kaombe awamu. Mimi geti simuuzii mtu kwa mkupuo, kwa nini shule iuze hivyo?"

Nilikwenda Mvumi kesho yake na roho mkononi. Mhasibu wa shule, mzee wa heshima zake mwenye kalamu mbili mfukoni, alinisikiliza mpaka mwisho akaniambia awamu zipo, nne kwa mwaka: Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Hakuna anayeziomba kwa sababu wazazi wanaona aibu. Lakini akaninyooshea kidole. Siku ya kufungua, mtoto ambaye awamu yake haijaingia hapiti getini. Hakuna kuongea, hakuna "nitatuma jioni". Nikamwambia nimeelewa. Kwa kweli nilikuwa nimeelewa kupita kiasi, nikawa naliona lile geti likifungwa kila nikifumba macho.

Nikarudi kwa binti wa kaunta. Akaanza upya na karatasi mpya. Ada ni ileile, haikupungua hata shilingi, ila sasa hela yangu inatoka kidogo kidogo na awamu ya mwisho ni Oktoba ya kidato cha nne. Miezi ya kuweka ikawa thelathini na mitatu. Akagawa: laki moja na elfu arobaini na nane. Hakuishia hapo. Alishuka nayo awamu moja baada ya nyingine, anaongeza ya miezi mitatu, anatoa ya shule, kuhakikisha hakuna mahali itakapoingia chini ya sifuri. Haikuingia. Ilipofika Oktoba ya mwisho na kulipa kila kitu, chini kabisa ya karatasi ilibaki elfu mbili.

"Elfu mbili ya nini?" nikauliza.

"Ndiyo inayobaki, mama. Ziada yote ni hiyo."

Elfu arobaini na nane za nyongeza nilizipata kwa chai. Nilianza kufungua banda alfajiri, chai na chapati, kabla mafundi hawajawasha mashine. Mume wangu akaacha michango ya harusi, na hilo lilitugharimu zaidi ya chapati, kwa sababu mtaani kwetu asiyechanga anaanza kusemwa kabla kikao hakijaisha. Nikamwambia aache waseme. Hela ya kuziba mdomo wa mtu mimi sina.

Jioni ya mwisho kabla binti yetu hajarudi bweni, nilimwekea ile karatasi mezani aione. Nilitaka ajue. Akaisoma yote, akashuka mpaka chini, akaweka kidole kwenye elfu mbili. Na mimi, kwa huu mdomo, nikamtania: "Umeona? Basi mwanangu, ukitaka kuugua, ugua kwa elfu mbili. Ikizidi hapo, subiri umalize kidato cha nne."

Tukacheka wote watatu. Yeye alicheka kuliko sisi.

Mwaka na nusu uliofuata niliuishi kwa kuogopa. Mtu akinipa pole ya kazi nilikuwa naitikia huku nahesabu. Umeme ukikatika Kizota mafundi hawachomelei, wasipochomelea hawali, wasipokula mimi nabaki na sufuria la wali na tarehe ya awamu. Nilikuwa nasimama mlangoni nasikiliza kama mashine zimerudi kunguruma. Mume wangu alipoungua mkono na cheche, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa ni bei ya dawa, cha pili ndiyo mkono. Nilijichukia kidogo, nikamfunga kitambaa. Homa zikinishika nilipika wali nazo hivyohivyo, zikapita. Kila mwisho wa mwezi laki moja na elfu arobaini na nane iliingia, na kila awamu ilitoka kwa wakati, na binti yetu akapita getini kila mara. Kwa nje ungesema mambo safi.

Likizo ya Juni ya kidato cha tatu ndiyo majirani walipoanza kunisema.

"Mwenzangu, mtoto wako siku hizi ana maringo. Tunapishana naye barabarani hata shikamoo hatoi."

Sikuamini. Huyu ni mtoto aliyekuwa anasalimia hata mbuzi. Lakini akaja mwingine na maneno yaleyale, na wa tatu akaongeza kwamba shule za kulipia ndivyo zinavyowafanya. Halafu siku moja mume wangu mwenyewe alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, akampungia mkono, na binti akapita zake kama hamjui. Mzee wa watu alirudi nyumbani amenyamaza, na anaponyamaza yeye zaidi ya kawaida yake mimi nawaka moto.

Nilimkalisha mtoto nikamsema mpaka jua likazama. Nikamwambia ile ada ninayolipa si ya kununua kiburi. Nikamwambia anaowaona wadogo leo ndio watakaomzika mama yake kesho. Alikuwa anachambua mchele, ameuinamia ungo mpaka pua inagusa punje, nikamalizia, "Na hapo unachambua au unanusa?" Alisema, "Nisamehe, mama," na kuanzia kesho yake akawa anaamkia kila kivuli kinachopita njiani, mpaka nguzo ya umeme nilimwona ameiangalia kwa mashaka. Nilijisifu kwamba nimemnyoosha.

Julai nikampeleka mwenyewe. Nililipa awamu kwa mhasibu wa kalamu mbili, nikabaki na milioni moja na elfu arobaini na tisa kwenye akiba, sawasawa na karatasi. Nikawa nimeanza kuaga ndipo mwalimu wake wa darasa, mama mtu mzima, akaniita pembeni. Nilijua ni mimba. Nakwambia kweli, kwenye zile hatua za kumfuata yule mwalimu nilikuwa nimeshamzika mtoto na kumfufua.

"Mama, huyu binti tumemleta dawati la mbele kabisa na bado ananakili kwa mwenzake. Ubaoni haoni. Nikimuuliza anasema anaona. Mmempima macho?"

Nilishukuru Mungu kwa dakika moja nzima kwamba ni macho. Halafu nikaanza kukumbuka: barabara, baba yake ng'ambo, majirani, pua kwenye ungo. Nikamtafuta. Alikuwa amekaa kwenye sanduku lake nje ya bweni, na nilipokuwa namwendea nikaona anavyokunja macho kujua ni nani anakuja. Mama yake mzazi, mchana kweupe, na akaniamkia kwa sauti ya kuamkia mgeni. Aliponitambua uso ukamshuka.

"Tangu lini huoni?"

Akapangusa vumbi la sanduku.

"Nakuuliza. Tangu lini?"

"Tangu kidato cha pili."

"Na nimekusema vile, umekaa unasikiliza tu. Mbona hukuniambia?"

Akaangalia viatu vyake. "Ulisema elfu mbili, mama."

Nikamshika mkono, tukaenda kwa mwalimu kuomba ruhusa.

Hospitali ya misheni haiko mbali na pale, na ruhusa tuliipata. Tulikaa foleni ya macho mpaka alasiri. Aliwekwa mbele ya zile herufi ukutani akasoma mstari wa juu tu, tena kwa kubahatisha. Muuguzi aliyempima akaniangalia, akasema taratibu, "Mficha maradhi, mama, kilio humuumbua. Mngechelewa angefeli mtihani wa taifa bila nyie kujua kwa nini." Vipimo na miwani vilikuwa laki moja na elfu ishirini. Nikaitoa kwenye akiba kwa simu.

Wakati wanamwandalia miwani nilikaa mwisho wa benchi la nje, mbali na mlango, nikaweka kipande cha karatasi magotini. Niliogopa kuanza. Hiyo akiba haikuwa yangu tena, ilikuwa imeshagawiwa Oktoba, na Januari, na mpaka mwisho. Lakini yule binti wa kaunta alikuwa amenifundisha pa kuanzia. Zimebaki milioni moja kasoro elfu sabini na moja. Awamu zilizobaki ni moja ya kidato cha tatu na nne za kidato cha nne, jumla milioni tatu, laki mbili na elfu sitini na saba. Miezi iliyobaki ni kumi na tano. Laki moja na elfu ishirini ukiigawa kwa kumi na tano ni elfu nane. Basi kila mwezi siyo laki moja na arobaini na nane tena, ni laki moja na elfu hamsini na sita. Nikashuka nayo awamu hadi awamu, kama alivyofanya yeye. Oktoba ya mwisho, chini kabisa, ikabaki elfu mbili ileile.

Sikujua elfu nane nitaitoa wapi. Hadi leo ninavyoandika, nimebakiza miezi minane, na kila mwezi naitoa sehemu tofauti.

Binti yangu alitoka na miwani usoni, anatembea anainua miguu juu kama ardhi imesogea. Akasimama kwenye ncha nyingine ya benchi akawa anaangalia miti, milima, watu wanaoingia getini. Akasema, "Kumbe majani yanaonekana moja moja." Nikageuza uso kidogo.

Halafu nikamwambia kwa sauti ya furaha kabisa, sauti ninayouzia wali uliopoa, "Mwanangu, nimepiga hesabu upya. Tuko vizuri. Sasa hivi mwisho inabaki laki mbili nzima. Kwa hiyo ukiumwa kitu chochote, hata jino, hata ukucha, unaniambia siku hiyohiyo. Umesikia?"

Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo kuelekea kwangu, anaangalia magoti yangu, na mimi sikujua anaangalia nini mpaka alipoongea.

"Mama," akasema kutoka kule aliko, "hapo chini umeandika elfu mbili."